Atomu, elementi, kampaundi na molekuli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa nini maneno haya manne huchanganya sana wanaoanza kemia?

Kwa sababu kwa kawaida hufundishwa kwa mfululizo, kana kwamba ni vidato vya ngazi moja: kwanza atomu, kisha elementi, kisha molekuli, na juu kabisa kampaundi. Mwanafunzi huondoka akiamini kuwa molekuli ni kubwa kuliko elementi na kwamba kampaundi ni molekuli iliyokua. Ngazi hiyo haipo. Maneno haya yanajibu maswali mawili yasiyofanana, na ukiyatenganisha maswali hayo sehemu kubwa ya utata huondoka.

Swali la kwanza linahusu aina: katika dutu hii kuna atomu za aina ngapi? Ikiwa ni aina moja tu, dutu hiyo ni elementi. Ikiwa ni aina mbili au zaidi, na zimeungana kikemikali kwa uwiano maalumu, dutu hiyo ni kampaundi, ambayo baadhi ya vitabu huiita msombo. Swali la pili linahusu mpangilio: atomu hizo zimekaaje? Zinaweza kukaa moja moja, zinaweza kushikamana katika vikundi vidogo vyenye idadi inayojulikana, yaani molekuli, au zinaweza kupangana safu kwa safu katika mfumo mkubwa usiogawika katika vikundi.

Jibu la swali moja halikupi jibu la swali jingine. Gesi ya heli ni elementi ambayo atomu zake hukaa moja moja. Oksijeni tunayovuta nayo ni elementi, lakini atomu zake hutembea mbili mbili katika molekuli. Kipande cha chuma ni elementi vilevile, ila hakina molekuli hata moja. Upande wa kampaundi, maji yana molekuli na chumvi ya mezani haina.

Je, atomu na elementi si kitu kimoja chenye majina mawili?

La. Elementi ni aina. Atomu ni chembe moja moja ya aina hiyo. Litazame neno «baba». Ukiulizwa lina herufi ngapi, unaweza kujibu nne na unaweza kujibu mbili, na majibu yote mawili yana haki yake, kwa kuwa zimeandikwa herufi nne lakini aina zake ni mbili tu, b na a. Atomu ni kama zile herufi nne zilizoandikwa, na elementi ni kama zile aina mbili. Ndiyo maana tunasema molekuli ya maji ina atomu tatu na elementi mbili bila kujipinga.

Kinachoamua aina ya atomu ni idadi ya protoni katika kiini chake, basi. Atomu yenye protoni 6 ni kaboni, yenye 8 ni oksijeni, yenye 26 ni chuma, popote ilipo. Idadi ya nyutroni inaweza kutofautiana bila kubadili aina. Klorini ya kawaida ni mfano mzuri: takriban robo tatu ya atomu zake zina nyutroni 18, na zilizobaki zina nyutroni 20, lakini zote zina protoni 17 na zote ni klorini. Nambari 35.5 unayoiona katika jedwali la elementi ni wastani wa masi za makundi hayo mawili. Hakuna atomu ya klorini yenye nusu ya nyutroni.

Kosa jingine lililo karibu na hili ni kuipa atomu moja sifa za dutu nzima. Shaba ina rangi nyekundu ya kahawia, hufuliwa bila kuvunjika, na huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi. Atomu moja ya shaba haina rangi hiyo, haifuliki wala haiyeyuki, kwa sababu kuyeyuka ni atomu nyingi kulegeza mshikamano wao, na atomu iliyo peke yake haina wa kuachana naye.

Nitajuaje kama vitu viwili vimechanganyika tu au vimekuwa kampaundi?

Jaribio linalolionyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote ni la chuma na salfa. Mwalimu huchukua gramu 7 za unga wa chuma, wa kijivu, na gramu 4 za unga wa salfa, wa manjano, akazikoroga pamoja. Unga unaopatikana una rangi ya kijivu yenye umanjano, na ukiutazama kwa kioo cha kukuzia unaona punje za manjano kando ya punje za kijivu. Ukipitisha juu yake sumaku iliyofungwa kwa karatasi, chuma hupanda na salfa hubaki. Huo ni mchanganyiko: kila kitu bado kina tabia yake, na hakuna kilichozuia kutumia gramu 5 kwa 6 au kiasi kingine chochote.

Sasa unga huo huwekwa katika neli ya kioo inayohimili joto na kupashwa moto upande wa chini. Punde unatokea mng'ao mwekundu, na hapo mwalimu huondoa moto. Mng'ao hauzimiki, bali hupanda wenyewe ndani ya neli hadi unga wote umepitiwa. Hiki ndicho kitu cha kukitazama kwa makini, kwa kuwa joto linaloendeleza mng'ao halitoki tena kwenye kichomeo. Linatolewa na atomu za chuma na za salfa zinapoungana. Kinachobaki baada ya kupoa ni donge la kijivu lililokolea karibu na weusi, ambalo ni salfidi ya chuma, fomula yake FeS. Kioo cha kukuzia hakionyeshi tena punje za aina mbili, na sumaku haitenganishi chochote.

Wakati mwingine sumaku bado hulivuta donge, na mwanafunzi hudhani kanuni imevunjika. Mara nyingi sababu ni kwamba chuma kilizidi kipimo, au unga haukukorogwa vizuri, au sehemu ya salfa iliungua na hewa kabla ya kukutana na chuma. Isitoshe, salfidi za chuma zenye upungufu mdogo wa chuma huvutwa kidogo na sumaku zenyewe. Ushahidi ulio imara zaidi hutoka kwenye tone la asidi hidrokloriki iliyochujushwa. Ikitiwa kwenye unga wa mwanzo, hutoa hidrojeni, gesi isiyo na harufu. Ikitiwa kwenye donge, hutoa salfidi ya hidrojeni, yenye harufu ya mayai viza. Gesi hiyo ni sumu, na hata salfa inayoungua hutoa gesi inayokaba koo, kwa hiyo kazi yote hufanywa kwa viasi vidogo ndani ya kabati la maabara linalofyonza hewa, si mezani nyumbani.

Kwa nini gramu 7 kwa 4, na si nusu kwa nusu?

Kwa sababu kampaundi huhesabu atomu, wala haipimi uzito. Katika FeS kila atomu moja ya chuma huambatana na atomu moja ya salfa, lakini atomu hizo hazina masi sawa: kwa kipimo kinachotumiwa katika jedwali la elementi, ya chuma ni takriban 56 na ya salfa ni takriban 32. Gawanya vyote viwili kwa 8 upate 7 na 4. Gramu 7 za chuma na gramu 4 za salfa, kwa hiyo, zina idadi ileile ya atomu, na kila moja hupata mwenzake.

Ukichukua gramu 10 za chuma kwa gramu 4 za salfa, hutapata salfidi yenye chuma kingi. Utapata gramu 11 za salfidi ileile, na gramu 3 za chuma kilichokosa wa kuungana naye, ambacho sumaku itakivuta. Hapo ndipo tofauti kati ya mchanganyiko na kampaundi inapopimika kwa mizani, bila kutegemea rangi wala harufu.

Oksijeni huandikwa O₂. Kwa kuwa ina atomu mbili, si ni kampaundi?

Si kampaundi, kwa sababu atomu hizo mbili ni za aina moja. O₂ ni molekuli ya elementi. Hata ozoni, O₃, yenye atomu tatu, ni elementi ya oksijeni katika umbo jingine, na salfa ya manjano ina molekuli za atomu nane nane bila kuacha kuwa elementi. Anayesema «molekuli ni kampaundi» amekusanya maswali mawili tuliyoyatenganisha mwanzoni na kuyapa jibu moja.

Anayekosea hapa asione haya, maana kosa la jamii hii liliwakwamisha hata wakubwa wa kemia kwa karibu nusu karne. John Dalton, ambaye nadharia yake ya atomu ilichapishwa kwa ukamilifu kuanzia 1808, aliamini kwamba chembe ya mwisho ya gesi ya elementi lazima iwe atomu moja. Kwa maoni yake, atomu za aina moja zingesukumana, si kushikana. Aliamini pia kwamba maji ni atomu moja ya hidrojeni na moja ya oksijeni, yaani HO, kwa kuwa huo ulikuwa mpango rahisi kuliko yote.

Wakati huohuo Joseph Louis Gay-Lussac alikuwa akipima ujazo wa gesi zinazoungana. Alikuta kwamba lita 2 za hidrojeni huungana na lita 1 ya oksijeni, na mvuke wa maji unaopatikana ni lita 2, mradi gesi zote zipimwe katika halijoto na kanieneo moja. Lita 3 zimekuwa 2. Mwaka 1811 Amedeo Avogadro alipendekeza kwamba ujazo sawa wa gesi zozote, katika hali moja, una idadi sawa ya chembe. Tulifuate wazo hilo kwa nambari ndogo.

Tuseme lita 1 ina chembe 50. Basi tulianza na chembe 100 za hidrojeni na chembe 50 za oksijeni, na tukamaliza na chembe 100 za mvuke. Kila chembe ya mvuke lazima iwe na oksijeni ndani yake, la sivyo si maji. Chembe 50 za oksijeni zimewezaje kuingia katika chembe 100 za maji? Njia ni moja: kila chembe ya oksijeni imepasuka vipande viwili. Atomu haipasuki katika mmenyuko wa kemikali; kwa hiyo chembe ya gesi ya oksijeni haikuwa atomu moja, bali mbili zilizoshikamana. Hoja ya namna hiyo, ikifuatwa katika gesi nyingine, inatupa H₂, na maji yanakuwa H₂O.

Hoja hii, ambayo mimi naiona kuwa miongoni mwa zile nzuri kabisa katika kemia yote, haikupokewa kwa miongo mingi. Ilibidi kusubiri mkutano wa wanakemia uliofanyika Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1860, ambapo Stanislao Cannizzaro aliitetea upya, ndipo wengi wakaanza kuafikiana juu ya tofauti kati ya atomu na molekuli.

Chumvi ya mezani ni NaCl. Je, kuna molekuli ya NaCl?

Ndani ya punje ya chumvi hakuna. Atomu ya sodiamu imempa klorini elektroni moja, na zote mbili zimekuwa ayoni, yaani chembe zenye chaji. Ayoni hizi hupangana kwa zamu katika pande zote, hivi kwamba kila ayoni ya sodiamu imezungukwa na ayoni 6 za klorini zilizo karibu nayo kwa usawa, na kila ya klorini imezungukwa na 6 za sodiamu. Ukitaka kuonyesha «molekuli moja» ungelazimika kuchagua mwenza mmoja kati ya sita, na hakuna sababu ya kumpendelea yeyote. Fomula NaCl inataja uwiano tu: moja kwa moja.

Maji ni tofauti. Humo, kila atomu ya oksijeni ina hidrojeni zake mbili zilizo karibu nayo kuliko nyingine zote, na kundi hilo la watatu hutembea pamoja. Fomula H₂O inataja uwiano na pia inahesabu kundi halisi. Fomula hizi mbili zinafanana kwa maandishi, lakini hazisemi jambo moja, na ni bahati mbaya kwamba vitabu vingi vya mwanzo havilitaji hilo. Kanuni ya kuanzia, ambayo ina mapengo yake, ni kwamba kampaundi ya metali na isiyo metali kwa kawaida ni mfumo wa ayoni, na kampaundi ya zisizo metali kwa kawaida ina molekuli. Pengo moja maarufu ni mchanga mweupe, SiO₂: hauna metali ndani yake, na bado hauna molekuli.

Kuna tofauti gani kati ya 2H₂O, H₂O₂, na CO iliyoandikwa Co?

Nambari iliyo mbele huhesabu vikundi vizima, na nambari ndogo ya chini huhesabu atomu ndani ya kikundi kimoja. 2H₂O ni molekuli mbili za maji. H₂O₂ ni molekuli moja ya peroksidi ya hidrojeni, dawa inayotumika kupausha rangi, ambayo ikiwa kali huunguza ngozi. Oksijeni moja tu imeongezeka, lakini dutu ni nyingine kabisa. Kwa sababu hiyo, unaposawazisha mlinganyo wa kemikali usiguse kamwe nambari za chini. Ukizigusa umebadilisha dutu, hukusawazisha kitu.

Herufi nazo zina sheria yake. Kila alama ya elementi ina herufi kubwa moja tu, ikifuatwa wakati mwingine na ndogo. Co ni kobalti, metali ngumu na elementi. CO ni kaboni monoksidi, gesi ya sumu na kampaundi ya elementi mbili. Ili kujua fomula ina elementi ngapi, hesabu alama zisizofanana, ukikumbuka kwamba kila herufi kubwa huanzisha alama mpya.

Hewa ni elementi au kampaundi?

Si mojawapo. Ni mchanganyiko, na ndani yake utakuta karibu kila hali tuliyoitaja: naitrojeni, takriban asilimia 78, na oksijeni, takriban 21, ambazo ni elementi zenye molekuli, arigoni, karibu asilimia 1, ambayo ni elementi yenye atomu moja moja, na kiasi kidogo cha kampaundi kama kaboni dioksidi na mvuke wa maji.

Maji yanapochemka, vile viputo ni hidrojeni na oksijeni?

Hapana, ingawa jibu hilo hutolewa mara nyingi sana, hata na watu waliofaulu mitihani. Viputo vya maji yanayochemka ni mvuke, yaani molekuli zilezile za H₂O zilizoachana. Joto la nyuzi 100 linatosha kutenganisha molekuli na molekuli, lakini halitoshi hata kidogo kutenganisha atomu zilizo ndani ya molekuli. Weka kifuniko baridi juu ya mvuke, nawe utaona maji yakirudi matone. Hidrojeni na oksijeni zisingerudi kuwa maji kwa kupoa tu.

Kuyavunja maji kwenyewe hufanywa kwa umeme. Maji safi hupitisha umeme vibaya, kwa hiyo huongezwa asidi salfuriki kidogo iliyochujushwa. Chumvi ya mezani haifai, kwa kuwa klorini yake hutoka upande ambao tungetarajia oksijeni, na klorini ni sumu. Gesi hukusanywa katika neli mbili zilizojazwa maji na kupinduliwa juu ya elektrodi. Katika ile iliyo kwenye ncha hasi hujaa hidrojeni, na katika ile ya ncha chanya hujaa oksijeni, nusu ya ujazo wa mwenzake. Njiti yenye moto ikisogezwa kwenye neli ya kwanza hutoa mlio mfupi wa kupasuka. Njiti iliyobaki na kaa tu ikiingizwa katika ya pili huwaka tena.

Ukipima utakuta mara nyingi kwamba oksijeni haifiki nusu kamili, hasa mwanzoni. Haijapotea kwa siri: sehemu yake huyeyuka katika maji kwa wingi kuliko hidrojeni, na elektrodi zikiwa za kaboni, sehemu nyingine huiunguza kaboni polepole. Elektrodi za platini zikitumika, na maji yakiachwa yajae gesi kabla ya kuanza kupima, uwiano husogea karibu sana na 2 kwa 1, uleule ambao Gay-Lussac aliupata alipokwenda upande wa pili, kutoka gesi kwenda maji.